Ami, tiketi za Kasarani nimelipia, sasa wanataka pesa za kuziwasha

*Assalaam aleikum, Ami. Mimi ni fundi wa pikipiki hapa Maweni, Malindi, na ni kapteni wa timu ya mtaa. Tulipanga kwenda wanne Kasarani kuwaona Harambee Stars. Facebook ikaniletea tangazo la tiketi, 1,500 kila moja, na saa inahesabu kurudi nyuma: zimebaki 14. Tovuti yao ina alama ya kufuli na ukurasa una wafuasi zaidi ya 18,000. Nikatuma 6,000, pesa za watu wanne, kwa namba waliyonipa. Jina lililotokea ni la mwanamke, wakasema ndiye keshia wao. Tiketi nne za PDF zikaja kwa WhatsApp. Jana wameandika kuwa tiketi hazijawashwa, niongeze 300 kwa kila moja, la sivyo zitafutwa. Mechi ni Jumamosi ya wiki ijayo na basi bado sijalipia. Niwape hiyo 1,200? Na kama nimeibiwa, ningejuaje kabla sijatoa pesa?*

*Kapteni, Malindi*

Wa aleikum salaam, mwanangu. Usiwape hata shilingi, na basi usilipie.

Kabla hujaendelea kusoma, fungua ule ujumbe wa M-Pesa wa 6,000 na uupeleke kama ulivyo kwenda 456. Hiyo ndiyo njia ya Safaricom ya kuomba muamala urudishwe. Pesa ikiwa bado imo kwenye akaunti ya mpokeaji, kuna nafasi ya kuizuia. Ikiwa imeshatolewa kwa wakala, hakuna cha kuzuia. Sitakudanganya, watu hawa hawalazi pesa kwenye simu, lakini ujumbe huo ni wa kutuma sasa hivi, hata kama siku zimepita. Ukimaliza, tuma kwa 333 ile namba iliyopokea pesa, ili iripotiwe kuwa ni ya ulaghai. Halafu rudi tuzungumze.

Hakuna kitu kinachoitwa kuwasha tiketi. Niliwahi kufanya kazi ya kukagua tiketi getini kwenye tamasha moja hapa pwani, kwa hivyo nakueleza nilichokiona kwa macho yangu. Unaposhika ile mashine ya kusomea, ndani yake kuna orodha, au imeunganishwa na orodha, ya kila tiketi iliyouzwa. Mnunuzi akilipa, mtambo wa muuzaji unatengeneza namba ya tiketi na kuiingiza kwenye orodha papo hapo. Getini mashine inasoma msimbo wa QR na kuuliza mambo mawili tu: namba hii imo? Imeshaingia mtu nayo? Ikiwa imo na haijatumika, unapita. Kati ya kulipa na kupita hakuna hatua ya tatu ambapo mtu anakaa ofisini akiwasha tiketi moja moja kwa 300. Hiyo 1,200 wanaiomba kwa sababu moja: aliyetoa 6,000 ana maumivu ya 6,000, na wanajua atatoa kidogo zaidi ili asiipoteze. Ungelipa, kesho wangedai kodi, na keshokutwa bima ya kiti.

Zile tiketi ulizonitumia nimezichapisha na kuzipanga mezani. Majina yenu yako sawasawa, nembo ipo, jukwaa limeandikwa. Kisha nikaangalia misimbo ya QR. Ile miraba myeusi na myeupe ni ileile kwenye karatasi zote nne, haijatofautiana hata kwa nukta. Nikaelekeza kamera ya simu kwenye ya kwanza, ikafungua anwani ya tovuti yao. Ya pili, anwani ileile. Ya tatu na ya nne vilevile. Hakuna namba ya tiketi ndani yake, ni njia tu ya kurudi dukani kwao. Tiketi nne za kweli zina misimbo minne tofauti, kwa sababu kila kiti kina namba yake kwenye ile orodha. Hili unaweza kulipima nyumbani kwa dakika moja. Lakini lipime ukijua kikomo chake: mwizi mwenye bidii zaidi angekutengenezea misimbo minne tofauti, nayo bado isingekuwemo kwenye orodha. Misimbo inayofanana inathibitisha uongo. Misimbo inayotofautiana haithibitishi ukweli. Kwa hivyo kazi yenyewe ni ya kufanywa kabla ya kulipa.

Ulipoanzia ndipo kwenye kosa, na nalitaja kwa sababu wengi wetu tunaanzia hapo. Ulianza na tangazo. Tangazo ndilo lililokutafuta, wewe hukulitafuta. Anza na mwenye mechi. Mechi ya Harambee Stars ina mwenyewe, ambaye ni Shirikisho la Soka la Kenya, na mashindano ya Afrika yana mwenyewe, ambaye ni CAF. Mwenye mechi ndiye anayechagua kampuni ya kuuza tiketi, na huitaja kwenye kurasa zake rasmi. Kwa CAF, andika `cafonline.com` kwa mkono wako kwenye kivinjari. Usiifuate kwa kubofya tokeo la kwanza la Google lenye neno `Sponsored`, kwa maana nafasi hiyo hulipiwa, na mwizi pia ana pesa ya kuilipia. Ukifika, tafuta kiungo cha tiketi na ukibofye kutoka hapo.

Shika huo mwelekeo: kiungo kitoke kwa mwenye shughuli kwenda kwa muuzaji. Muuzaji kujiandikia kwenye ukurasa wake kwamba yeye ni wakala rasmi, akabandika nembo za shirikisho na za wadhamini, si ushahidi. Nembo ni picha, mtu yeyote huikopi. Tulitafuta mimi na mwanangu jina la tovuti yako kwenye kurasa za mwenye mechi, hatukuliona mahali. Hapo peke yake pangetosha kukuzuia, hata kama mengine yote yangekuwa safi.

Sasa tuiangalie anwani yenyewe. Uliyonitumia ilikuwa na umbo hili. Nimebadilisha jina na mwisho wake nisije nikampeleka msomaji huko:

```
https://harambeestars.co.ke.tiketi-haraka.example/kasarani
```

Najua wewe ulisoma mwanzo, ukaona Harambee Stars na `.co.ke`, moyo ukatulia. Anwani ya tovuti husomwa kinyume. Ruka `https://`, tafuta mkwaju wa kwanza unaofuata, yaani alama ya `/`, kisha rudi nyuma kutoka hapo kwenda kushoto. Sehemu mbili za mwisho kabla ya mkwaju ndizo jina la mwenye nyumba: hapa ni `tiketi-haraka.example`. Kwa anwani za Kenya zinazoishia na `.co.ke` au `.or.ke`, hesabu sehemu tatu. Kila kilicho kushoto kwa jina hilo ni kama jina la chumba, na mwenye nyumba anaweza kuuita chumba chake jina lolote, hata Ikulu. Kwenye simu ndogo ni hatari zaidi, kwa kuwa kivinjari huonyesha kipande tu cha anwani. Bonyeza juu ya anwani uione yote.

Na kufuli? Kufuli linasema tu kwamba unachoandika hakisomwi njiani kati ya simu yako na tovuti. Halisemi mwenye tovuti ni nani. Cheti chake hupatikana bure kwa dakika chache, kwa mwema na kwa mwizi.

Jina likishajulikana, uliza limezaliwa lini. Kila jina la tovuti lina tarehe ya kusajiliwa, na kwa kawaida tarehe hiyo iko wazi kwa umma. Kwa majina ya `.com`, `.shop` na mengine kama hayo, fungua `lookup.icann.org`, andika lile jina fupi, utafute mstari wenye neno `Created`. Kwa majina ya `.ke`, wanaoyasimamia ni KeNIC, nao wana huduma hiyohiyo kwenye tovuti yao. Lako lilisajiliwa siku tisa kabla hujalipa. Siku tisa, mwanangu, na ukurasa wenyewe unasema wamekuwa wakiwahudumia mashabiki kwa miaka mingi. Ni uwongo huo ulioniambia mengi, kuliko upya wa tovuti. Tovuti mpya inaweza kuwa ya haki, maana shughuli mpya hufunguliwa tovuti mpya. Na ya zamani inaweza kuwa imenunuliwa kwa mtu mwingine. Linganisha tarehe na hadithi wanayokupa. Vikigongana, ondoka.

Wafuasi 18,000 nao nimewatazama. Kwenye ukurasa wa Facebook, nenda sehemu ya `About`, kisha `Page transparency`. Hapo huonyeshwa ukurasa ulifunguliwa lini na umewahi kuitwa majina gani. Wako ulianza ukiuza nywele bandia, ukawa wa magari ya mtumba, na mwezi huu ndio umekuwa wa tiketi. Wafuasi wale walikuja kutafuta nywele. Ukurasa wenye wafuasi hununuliwa kama vile unavyonunua duka lenye wateja wake, na mnunuzi hubadilisha kibao tu.

Nimefika kwenye malipo. Hapa nakaa kidogo, kwa sababu hata mtu asiyejua kusoma anwani anaweza kujiokoa hapa.

Kampuni inayouza tiketi kwa maelfu ya watu haiwezi kuishi kwa kusoma jumbe za M-Pesa za mteja mmoja mmoja. Imeunganisha mtambo wake na M-Pesa. Unaandika namba yako ya simu kwenye tovuti, unabofya kulipa, na ombi linakuja lenyewe kwenye skrini ya simu yako, likitaja kiasi na jina la biashara inayolipwa, ndipo unapoingiza namba yako ya siri. Namba ya siri huingizwa kwenye ombi hilo la simu, na kamwe haiandikwi ndani ya ukurasa wa tovuti. Ukiona kisanduku kwenye tovuti kinauliza namba ya siri ya M-Pesa, funga. Ukishalipa, M-Pesa inaujulisha mtambo wa muuzaji, na tiketi inatoka bila wewe kumtumia mtu chochote.

Sasa kumbuka ulivyolipa wewe. Ulipewa namba ya mtu. Ulituma kwa `Send Money`. Kisha wakakuambia upige skrinshoti ya ujumbe wa M-Pesa uwatumie WhatsApp ili wathibitishe. Mwenye mtambo haombi skrinshoti, kwa kuwa ameshajua kwamba umelipa. Kuombwa skrinshoti kulikuonyesha kwamba nyuma ya ile tovuti nzuri hapakuwa na mtambo wowote, palikuwa na mtu na simu yake.

Na lile jina. M-Pesa ilikuonyesha jina la mpokeaji, ukaliona, ukashtuka, ukauliza. Moyo wako ulikwambia. Ila jibu ukalipokea kwa mtu yuleyule uliyemshuku. Hakuna keshia wa kampuni ya tiketi anayepokea pesa za Kasarani kwenye laini yake mwenyewe. Jina likitofautiana na la kampuni, simama hapohapo kabla ya namba ya siri. Wala usidhani namba ya `Till` inamaliza shaka, kwa maana nayo husajiliwa kwa duka lolote: nimewahi kuona tiketi za tamasha zikilipiwa kwa `Till` iliyotaja duka la vipuri. Wakati mwingine tofauti ni ya haki, kwani kampuni inaweza kuwa imesajiliwa kwa jina moja na kujulikana kwa jingine. Uliza basi, lakini muulize mwenye mechi au ukumbi, kwa namba uliyoipata kwenye ukurasa wao. Namba iliyoandikwa kwenye tovuti unayoishuku itakupeleka kwa mwizi yuleyule.

Ile saa inayohesabu kurudi nyuma niliifungua Jumatatu, ikaniambia zimebaki 14. Nikafunga ukurasa, nikaufungua tena, saa ikaanza upya na tiketi bado 14. Nikarudi jioni baada ya isha: 14. Zilikuwa zimeandikwa tu hapo.

Kuna wasomaji wa hapa kwetu watakaosema kwamba tamasha dogo la Malindi au Lamu halina kampuni wala mtambo. Mtu anauza tiketi kwa simu yake na huingia kweli. Ni sawa, nami nimenunua hivyo. Shughuli ya namna hiyo ina ukumbi unaoweza kuufikia kwa miguu. Nenda hotelini au uwanjani, uliza mapokezi: siku hiyo mmemkodisha nani, na nani anauza tiketi? Kama uko Faza au Kizingitini na shughuli iko Lamu mjini, mtume mtu aliye huko apite akuulizie. Lipa ukiwa umesikia jina kutoka kwa ukumbi, na jina hilo ndilo litokee kwenye M-Pesa. Tiketi ya mkononi kwa mtu aliyeghairi safari ni ngumu zaidi, kwa sababu hata ikiwa ya kweli anaweza kuiuza skrinshoti moja kwa watu watano, na mashine ya getini itampokea wa kwanza tu. Nikiwa getini nilimrudisha binti aliyekuwa na tiketi halali kabisa, ila mtu mwingine alikuwa ameshaingia nayo dakika ishirini kabla. Alinionyesha alivyolipa, mikono ikimtetemeka. Sikuwa na la kumfanyia. Ya namna hiyo usinunue ila kwa mtu unayemjua na kwao unapajua, au pale muuzaji rasmi anapoweza kuihamisha kwa jina lako ndani ya mtambo wake.

AFCON ya 2027 inakuja Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja, na huku pwani watu wameshaanza kuniuliza tiketi. Matangazo kama lako yatakuwa mengi. Ndiyo maana nimekuomba ruhusa niitoe barua yako, nawe ukakubali, na nakushukuru.

Lililobaki ni lako wewe. Usimfungie yule mtu WhatsApp kwanza, na usimtukane. Hifadhi mazungumzo yote, tangazo, anwani kamili ya tovuti, zile PDF na ujumbe wa M-Pesa wenye msimbo wa muamala. Nenda navyo kituo cha polisi hapo Malindi, uandikishe na upewe namba ya OB. Bila namba hiyo, ukifuatilia mbele utaulizwa urudi nyuma. DCI wana laini ya bure ya kutoa taarifa, 0800 722 203. Na akikupigia mtu akisema anaweza kukurudishia 6,000 yako kwa ada ndogo, ujue namba yako imeuzwa kwenye orodha ya walioibiwa. Mkatie.

Wenzako watatu waambie leo, kabla ya mazoezi, na uwaonyeshe zile PDF nne zikiwa zimelazwa pamoja. Wakiona msimbo ulivyo mmoja, hawatahitaji kuulizana kama kapteni wao amekula pesa. Mechi mkipenda bado mnaweza kwenda: ingia kwa mwenye mechi, fuata kiungo chake, na kama tiketi zimekwisha huko, basi zimekwisha, na mtu wa Facebook hana nyingine.